Nusu ya Nini

Ko, ko, ko. Jogoo hajawika bado, na mzee Fideli yuko jikoni anagonganisha betri za redio, moja kwa nyingine, kisha anazilaza karibu na majivu zipate joto. Selestina aliisikia sauti hiyo akiwa bado kitandani. Miaka arobaini ya ndoa ilikuwa imemzoesha, na asubuhi asipoisikia hushtuka kwanza, akidhani mume wake amezidiwa.

"Zitakulipukia usoni siku moja," alimwambia alipotoka, akijifunga kitenge.

"Zikilipuka utanipeleka kwa nesi wako."

Chai alikuwa ameshaibandika. Ndiyo kawaida ya Fideli: hasemi kwamba amekufanyia jambo, unalikuta tu limefanyika. Selestina akamimina vikombe viwili, redio ikakoroma, ikapata sauti. Msomaji alikuwa Novatus, wa kituo cha mjini Ngara, kijana anayependwa na wazee kwa kuwa husoma polepole kama mtu anayemwongoza kipofu.

"Dawa ya kumeza mara moja tu," Novatus alisoma, "imeonekana kupunguza kwa nusu uwezekano wa kuugua ukoma kwa watu wanaoishi karibu na mgonjwa. Nusu, wasikilizaji. Asilimia hamsini."

Selestina akaweka kikombe chini. "Umesikia? Ndiyo dawa yetu hiyo. Ndiyo inayokuja Alhamisi."

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Selestina alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji chao, mabonde mawili kutoka Murusagamba. Darasa la saba, miwani ya kushikiza kwa uzi, na daftari. Miezi mitatu nyuma yeye ndiye aliyempeleka Bigirimana zahanati, baada ya mke wake Anjelika kuona baka lililopauka mgongoni, na baada ya Bigirimana mwenyewe kuepua sufuria kwa mikono mitupu, ngozi ikabaki kwenye sufuria, naye hana habari. Ilikuwa ukoma. Akaanzishiwa vidonge siku ile ile, na nesi akasema tangu alipoanza dawa haambukizi tena mtu.

Kisha ikaja kazi ya kuwaandika walio karibu naye. Wiki tatu Selestina alipita nyumba kwa nyumba na nesi, wakiwaambia watu wafumbe macho, wakiwagusa ngozi kwa uzi wa pamba: unasikia hapa, na hapa? Majina ishirini na matatu. Nyumba ya Bigirimana, Anjelika na watoto wanne. Nyumba ya jirani Habonimana, ng'ambo ya njia, watu wanane. Na wengine kumi. Wote walisikia pamba. Alhamisi mratibu wa wilaya angefika na dozi zilizohesabiwa kwa majina hayo, kila mtu ameze mara moja, basi.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kabla jua halijazama damu ilikuwa imemwagika katika kitongoji kile, na neno lililoimwaga Selestina alilitamka kwa kinywa chake.

Alikutana na Habonimana njiani, panga kwapani, anatoka kukata majani ya mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani?"

"Wazima. Umesikia redio?"

"Nimesikia. Ndiyo dawa yenu ya Alhamisi hiyo."

"Inaondoa nusu."

"Nusu nzima," Selestina akasema, na akaona fahari kidogo.

"Na asiyeimeza?"

Alikuwa na haraka, nesi anamsubiri. "Asiyeimeza, mwanangu, nusu hiyo inabaki kwake."

Midomo ya Habonimana ikacheza. Selestina alidhani anaomba Mungu, akampita. Lakini mtu yule alikuwa anahesabu. Nyumbani mwake watu wanane, nusu yao wanne. Watoto sita, nusu yao watatu. Alikuwa anawapanga watoto wake kichwani, wa kwanza hadi wa mwisho, akijiuliza ni watatu gani.

Selestina hakuwa amefika mbali alipomsikia akimwambia jirani kwa Kirundi, juu ya ua wa miti ya miyenzi: *umwe muri babiri*. Mmoja katika wawili. Hakugeuka. Kwao nusu husemwa hivyo. Kwa Kiswahili nusu inaweza kuwa nusu ya gunia au nusu ya punje, kubwa au ndogo, sikio halishtuki. Ila ikiingia nyumbani, ikivaa lugha ya nyumbani, inakuwa watu wamesimama wawili wawili, na katika kila wawili mmoja anaanguka.

Foleni ya wagonjwa iliwashika hadi saa saba, ndipo zahanati ikawa kimya. Nesi Consolatha alikuwa anapanga kadi za watoto. Msichana wa Biharamulo huyu, mwaka wa pili kituoni, na kila Selestina akifika alikuwa anainuka kumpisha kiti chenye mgongo, abaki yeye na kibao.

"Redio imetusaidia leo," Selestina akasema akiketi. "Watu watakuja wenyewe Alhamisi. Dawa inaondoa nusu."

Consolatha akainua macho. "Nusu ya nini, bibi?"

"Nusu ya… ya ugonjwa. Asilimia hamsini."

"Ngoja." Alisogeza kibao karibu. "Chukua watu elfu moja. Wote wanaishi karibu na mgonjwa, na wote hawajapewa dawa. Ukikaa nao miaka miwili, wangapi wataugua?"

Selestina akafikiri. "Mia tano?"

"Sita."

"Sita tu?"

"Kama sita. Ukoma ni mvivu, bibi, na miili mingi inaushinda yenyewe. Sasa wape wote elfu moja dawa. Wataugua kama watatu. Kutoka sita kwenda watatu, hiyo siyo nusu?"

"Ni nusu."

"Basi Novatus hakudanganya. Ila hakumaliza. Alitaja nusu, hakusema ni nusu ya sita. Dawa ni nzuri, wale watatu watakaonusurika ni watu na mama zao. Lakini mtu asiyeimeza hajakaa kwenye nusu. Katika elfu, mia tisa tisini na nne hawapatwi na kitu."

Selestina akavua miwani, akaivaa tena.

"Nesi, mimi nimemwambia Habonimana nusu inabaki kwake. Nimemwambia hivyo asubuhi hii, njiani."

"Alikujibu nini?"

"Hakujibu. Nilidhani anaomba Mungu, kumbe alikuwa anahesabu."

Wote wawili walisimama pamoja, na walipofika mlangoni walikuta njia imejaa watu.

Walikuwa kama arobaini, wanaume na vijana, na mbele yao Habonimana na Matiasi mwenye kilabu cha pombe ya rubisi. Asubuhi nzima watu walikuwa kwa Matiasi wakihesabu nyumba zao. Kila aliyefika alihesabiwa nusu yake, na kila aliyehesabiwa alitaka kunywa.

"Tunataka dawa," Habonimana alisema. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya adabu. "Watoto sita, nesi. Nipe vidonge sita tu. Sisi wakubwa tutasubiri."

"Haipo hapa, kaka. Inakuja Alhamisi na mratibu. Njooni ndani niwaeleze, redio haikumaliza…"

"Haipo?" Matiasi alicheka. "Redio nzima inasema ipo. Ngara wanayo, wakubwa wameshameza. Sisi tunaletewa daktari wa daftari." Alimnyooshea Selestina kidole. "Majina ishirini na matatu, na mimi simo. Nani kakwambia mimi wa kuoza?"

"Katika watu elfu moja," Consolatha akapaza sauti, "wanaougua ni sita. Sikilizeni. Sita. Dawa inawapunguza wawe watatu…"

"Mmesikia? Anasema hata wenye dawa watakufa watatu."

"Sikusema kufa."

Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa chake likavunja dirisha la chumba cha chanjo. Kipande cha kioo kilimchana Consolatha juu ya jicho, damu ikamshuka usoni kama bomba lililofunguliwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini mlangoni, akanyoosha miguu, akaziba njia kwa mwili wake. Wakamruka. Kabati la dawa lilianguka kwa kishindo, chupa zikapasuka, watu wakapigania maboksi bila kujua kusoma kilichoandikwa. Mmoja alimeza dawa za minyoo mkono mzima. Mwingine, aliyetaka boksi la mwenzake, alimgonga kwa mpini wa jembe hadi meno yakasikika yakivunjika. Selestina alijikunja juu ya kichwa cha nesi na kukifunika kwa kitenge chake, na mateke ya wapitao yakamwishia yeye mbavuni.

"Hakuna," mtu alisema ndani. "Wameificha."

Na Matiasi akatoka, akasimama kizingitini, akasema kwa utulivu kama anayetaja bei, "Dawa kama haipo, chanzo kipo."

Hakuhitaji kumtaja Bigirimana. Kundi likageuka lenyewe.

Consolatha, jicho moja limefungwa na damu, alikuwa tayari anapiga simu polisi Murusagamba. "Nenda," alimwambia Selestina. "Unajua njia ya migombani."

Selestina alikuwa na miaka sitini na mmoja. Aliteremka bonde huku ameshika mbavu, akavuka kijito, akapanda. Alimkuta Bigirimana uani anamenya mihogo, mpini wa kisu ameufunga kitambaa ili usimchubue kiganja bila yeye kujua. Maharage ya Anjelika yalikuwa yameanikwa kwenye mkeka.

"Chukueni watoto, mkimbie. Wanakuja."

Anjelika hakuuliza ni akina nani. Aliwasukuma watoto wanne migombani, akamwambia mkubwa asisimame mpaka kwa mzee Fideli. Bigirimana aliinuka taratibu.

"Nikimbie niende wapi, bibi? Nimekimbia mara mbili katika maisha yangu, mara zote nilikuwa nimebebwa au nimebeba. Mara ya kwanza baba yangu na baba yake Habonimana walivuka mpaka pamoja, mimi na yeye tukiwa mgongoni. Nimechoka."

Kundi lilifika, likaanza na migomba. Mapanga yalilala kwenye mashina, mikungu mibichi ikaanguka, maji ya mgomba yakawarukia nguo. Mbuzi aliyefungwa alikatwa shingo akiwa bado anatafuna. Mawe yakanyesha juu ya bati. Anjelika alisimama mlangoni, na fimbo ya mtu ambaye mke wake alizalishwa na Anjelika mwaka jana ikampiga mdomoni. Akatema meno mawili kiganjani, akayaangalia, akaendelea kusimama.

Habonimana alikuja moja kwa moja kwa Bigirimana. Panga lilipanda. Bigirimana akainua mkono wa kushoto, mkono wa ugonjwa, na panga liliposhuka akalidaka kwa vidole, makali ndani ya kiganja.

Hakulia. Hilo ndilo lililowatisha walio karibu. Habonimana alivuta panga, na Bigirimana hakuachia, na damu ikatiririka hadi kiwikoni, naye anamtazama jirani yake kwa mshangao tu.

"Unanisukumia nini, Habo?" alisema.

Alikuwa amehisi msukumo begani. Mkononi hakuhisi kitu. Alipofuata macho ya wenzake na kutazama chini, aliona vidole viwili vimebaki vinaning'inia kwenye ngozi, akaviangalia kama vya mtu mwingine.

Habonimana aliganda. Hapo ndipo Selestina alipojipenyeza kati yao. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele, mbavu zilimkataza. Alisema kwa sauti ile ya kumkanya mjukuu.

"Nusu ya nini, Habonimana? Nionyeshe nusu yako."

"Bibi, toka."

"Nilikudanganya asubuhi. Sikujua, lakini nilikudanganya, kosa hilo nihesabie mimi. Huyu ana baka miaka mingapi? Nesi anasema si chini ya mitatu. Miaka yote hiyo hana dawa, analala nyumba moja na mke na watoto wanne. Watu watano. Nusu yao ni wawili na kipande. Wako wapi? Nimewagusa wote kwa pamba. Hakuna. Nyumbani kwako wanane, mnachota maji pamoja, watoto wanakula sahani moja. Nusu ni wanne. Nani? Taja jina. Nilimgusa mtoto wako wa mwisho akacheka kwa kutekenywa, ulikuwepo, nawe ukacheka. Watu ishirini na watatu kwenye daftari langu. Nusu yao ni kumi na mmoja na ushee. Nipe mmoja tu, Habonimana. Mmoja mwenye baka, nami nitakupisha umalize."

Mtu yule alikuwa anahesabu tena. Midomo ilicheza kama asubuhi. Selestina aliyaona macho yake yakienda ng'ambo ya njia, kwenye nyumba yake, yakipita kwa watoto mmoja mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho. Safari hii hakuwa anachagua. Alikuwa anawatafuta walioanguka na hawaoni.

"Hakuna," akasema polepole. Kisha kwa Kirundi, akiwageukia wenzake: hakuna hata mmoja.

Wengine walisikia. Wachache waliteremsha mikono. Lakini Matiasi alikuwa ameshachomeka kijinga cha moto kwenye majani ya paa la jiko, na jiko liliegemea nyumba. Moto ukaingia kwenye magodoro, moshi ukatoka dirishani mweusi. Habonimana akaliachia panga, likabaki mkononi mwa Bigirimana. Akakimbia, akamshika Matiasi shingoni, akamtupa chini.

"Zima."

"Nawe umeshaambukizwa akili?" Matiasi alimjibu, na mpini wa jembe aliouokota chini ukampata Habonimana sikioni. Alianguka magoti. Ukampata tena. Aliinuka, akamrukia Matiasi, wakabiringishana juu ya mkeka wa maharage wakipigana ngumi na kuumana, mpaka paa lilipoporomoka, na watu, kama waliokuwa wanangoja hilo tu, wakaanza kutawanyika wakitazamana kwa haya. Matiasi alikimbilia upande wa mpaka na hajaonekana tena.

Polisi walipofika, baada ya saa nzima ya barabara mbaya, walimkuta Habonimana amekaa chini, sikio linavuja damu, amevua shati na kulikaza kwenye kifundo cha mkono wa Bigirimana. Hakuachia hata walipomwamuru. Ilibidi Consolatha, aliyekuja nyuma ya gari na bandeji jichoni, amwambie, "Sasa niachie mimi, kaka. Umekaza vizuri." Ndipo akaachia, akanyoosha mikono, wakamfunga pingu. Ile "umekaza vizuri" Selestina hakuisahau. Msichana aliyetoka kuvunjiwa kituo, damu haijakauka, bado alikuwa na neno hilo la kumpa mtu.

Kabla ya kupanda gari Habonimana aligeuka.

"Bibi. Wangu hawana kweli?"

"Hawana, mwanangu."

Alhamisi mratibu alikuja na dozi zake, na polisi wawili. Watu walikusanyika mbali mbali, hakuna aliyetaka kusimama na mwenzake. Fideli alikuwa amekaa Jumatano yote kivulini akihesabu maharage meupe, moja moja, kwa vikundi vya kumi, hadi elfu moja. Hakuambiwa na mtu. Selestina alirudi na kukuta bakuli limejaa, na mzee anasugua macho. "Nimekosea mara mbili, nikaanza upya," alisema tu.

Consolatha akatoa maharage sita, akaweka sita meusi mahali pake, akakoroga. "Hawa ndio wanaoishi karibu na mgonjwa, bila dawa, miaka miwili. Nani atanitolea meusi bila kutazama?"

Clotilda, mke wa Habonimana, ndiye aliyejitokeza. Tangu Jumanne hakuwa amesema na mtu. Aliingiza mkono, akatoa konzi. Yote meupe. Akatoa tena. Meupe. Mara ya tano likaja moja jeusi, akaliangalia kiganjani.

"Na dawa?"

Nesi akachambua, akaondoa matatu meusi, akarudisha meupe. "Dawa imefanya hivi. Nusu ya meusi imeondoka. Walio nyumba moja na mgonjwa, kwao meusi huwa mengi zaidi kidogo, ndiyo maana tunawaanza. Lakini si nusu ya bakuli. Haikuwa kamwe nusu ya bakuli."

"Basi kwa haya mume wangu yuko ndani," Clotilda akasema. Alihesabu kwa kidole matatu yaliyokuwa mezani. "Kwa matatu." Kisha akauliza, bila hasira, "Kama ni machache hivi, dawa ya nini?"

"Kwa sababu hatujui matatu ni ya nani. Ni kidonge cha siku moja, hatutozi kitu, na aliye na kikohozi kirefu tutampima kifua kikuu kwanza. Ukikataa sitakulaumu. Ukikubali, umepunguza kidogo ambacho tayari kilikuwa kidogo."

Clotilda akafikiri. Akaita watoto wake sita, wakapanga mstari, wakameza. Wengine wakafuata. Sita katika ishirini na watatu walikataa, na nesi akaandika majina yao bila kukunja uso.

Consolatha alimpigia simu Novatus siku hiyo hiyo akamweleza yote, simu ikiwa wazi Selestina asikie. "Taarifa ilikuja hivyo, dada," kijana akasema. "'Yapunguza kwa nusu.' Nikaisoma ilivyo."

"Ungeuliza nusu ya nini."

"Ningeuliza. Yule baba, vidole vyake…?"

"Viwili vimekwenda."

Kesho yake aliisoma upya, polepole, sita kwa elfu na watatu kwa elfu, na akasema kwamba kosa ni lake. Waliosikia walikuwa wachache. Habari ya pili huwa haina mbio za ile ya kwanza.

Bigirimana alikaa hospitali wiki mbili. Mwenyekiti wa kitongoji alituma ujumbe kwamba labda angekaa huko huko mjini kwanza, watu watulie, na wote walielewa maana ya labda hiyo. Anjelika na watoto walilala kwa Selestina. Fideli aliwapa kitanda, akahamia jikoni na redio yake.

Siku ya nane Selestina alimsindikiza Anjelika kwenda kuangalia kiwanja. Kuta zilikuwa nyeusi, bati limejikunja. Wakasikia jembe. Ilikuwa Clotilda, na watoto wake wanne wakubwa, wamechimba shimo la udongo na kumwaga maji, wanaukanyaga kwa miguu. Miti mipya ilikuwa imeshasimikwa upande mmoja. Clotilda hakusalimia, hakuomba radhi. Alijifuta jasho kwa mkono wenye tope.

"Huu ukuta wa huku ulikuwa na dirisha, au nimesahau?"

Anjelika alijibu akiziba pengo la meno kwa kiganja. "Lilikuwepo. Dogo."

"Basi tuliache."

Waliopita njiani walisimama kutazama. Mke wa mshitakiwa, na watoto wake pekupeku kwenye udongo wa nyumba ya mkoma, mchana kweupe. Mmoja akavua viatu akaingia shimoni. Baadaye mwingine. Hawakuwa wengi, na wapo ambao mpaka leo hupitia njia ya juu ili wasipite pale. Lakini mwenyekiti hakutuma tena ujumbe.

Bigirimana alirudi mwishoni mwa mwezi, na Selestina alikuja na pakiti yake ya vidonge, kama kila mwezi. Alimkuta uani, mkono wa kushoto umefungwa, anaufundisha wa kulia kumenya peke yake. Akameza dozi ya kwanza mbele yake, kama inavyotakiwa. Selestina akaweka alama kwenye daftari, akaangalia kidonda, akakimwagia maji, akakifunga upya. Habonimana kesi yake ilikuwa inatajwa Ngara wiki ile, na Bigirimana alikuwa ameitwa kusema. Alisema atakwenda, na atasema yote, panga na shati.

Selestina akafunga daftari, akainuka akishika mbavu.

"Ndiyo tayari?" Bigirimana akauliza.

"Tayari, mwanangu. Mpaka mwezi ujao."

Alimtazama akivaa kandambili. Selestina alikuwa ameshafika kwenye njia aliposikia akiitwa.

"Bibi. Uje kabla ya hapo. Uje tena siku isiyo ya dawa."